Nilipofupisha Mafundisho ya Mwalimu

Padri aliyesimamia gazeti letu dogo la mwezi alirudi kutoka likizo ya kwao akiwa na sanduku zito la rangi ya kijivu. Alilibeba mwenyewe kutoka garini, hakutaka mtu alishike. Alipolifungua juu ya meza yangu tuliona magurudumu mawili, moja tupu na moja lililojaa utepe wa kahawia, mwembamba kama utepe wa kufungia nywele za mtoto. Alisema hiyo ni magnetofoni, mashine ya kunasa sauti, na kwamba kuanzia siku hiyo mafundisho ya mwalimu hayatapotea tena.

Mwalimu huyo alikuwa mzee wa kaskazini mwa Katanga. Alikuja mjini kwetu, Elisabethville, akiwa kijana, akafanya kazi kwenye tanuru za shaba mpaka kifua kikachoka, kisha akawa katekista. Kila Jumapili baada ya saa tisa mchana alifundisha watu wazima katika kanisa dogo la matofali, nyuma ya nyumba za wafanyakazi. Watu walitoka mbali kumsikiliza, wengine kutoka Katuba, wengine ng'ambo ya mto Naviundu. Nami nilikuwa karani wa kuchapa katika ofisi ya misheni. Nilikuwa nimesoma, nilikuwa na mke na mtoto mmoja, na nilijivunia sana mashati yangu meupe.

Padri alinipa kazi yenyewe kwa maneno machache.

"Utasikiliza, utaandika kila neno kama alivyolisema. Halafu utafupisha. Ondoa maneno anayorudiarudia, ondoa maneno ya kupoteza nafasi. Lakini mafundisho yabaki yote. Nina kurasa mbili tu kwenye gazeti."

"Kurasa mbili, mon père," nikasema, yaani baba kwa Kifaransa. Sikuona ugumu wowote.

Mafundisho ya kwanza tuliyonasa yalihusu kusameheana. Mashine iliwekwa kwenye kiti mbele ya mwalimu, na yeye akaisahau baada ya dakika tano. Jumatatu asubuhi nilianza kusikiliza. Nilikuwa nageuza swichi, nasikia maneno sita au saba, nasimamisha, nachapa, narudisha utepe nyuma, nasikiliza tena. Umeme ulipopungua nguvu, sauti ya mwalimu ilishuka na kuwa nzito kama ya mtu anayeongea usingizini, na nilingoja mpaka ipande. Kuna mahali treni ilipita na kumeza sentensi nzima. Hapo niliacha nafasi wazi na kuweka nukta, kwa sababu padri alinikataza kubuni.

Kazi hiyo ilichukua siku nne. Zikatoka kurasa ishirini na tatu.

Niliposoma kurasa zile nilishangaa. Mimi mwenyewe nilikuwa nimekaa kanisani Jumapili ile, nikaona mafundisho yamenyooka na kunigusa. Sasa kwenye karatasi yalikuwa kama kichaka. Mwalimu alikuwa anasema "njo vile", yaani "ndivyo hivyo", kila baada ya sentensi mbili. Alikuwa anasema "munasikia?" na "sasa, bandugu, sasa" na "njo miye niko nasema". Alikohoa. Alianza jambo, akaliacha, akamsalimia mama aliyechelewa kuingia, akarudi kwenye jambo lakini kwa mlango mwingine. Alisema nusu ya neno na watu wakamalizia. Na alikuwa amesimulia kisa kimoja mara tatu.

Nilifikiri kwamba uzee umeanza kumchukua, na nikamhurumia.

Nilichukua penseli nyekundu. Kwanza nilikata "njo vile" zote, kisha "munasikia" zote. Kurasa zikaanza kupumua. Lakini kwenye ukurasa wa tisa nikakuta sauti ya mama mmoja inasema, "Hapana, hatusikii," na baada yake maelezo marefu ya mwalimu. Nilikuwa nimekata swali na kuliacha jibu likining'inia peke yake. "Munasikia?" ile moja, kati ya zote thelathini na kitu, haikuwa ya kupitisha pumzi. Alikuwa anauliza kweli. Niliirudisha. Kisha nikapitia upya zote nilizokata, moja moja, kuona kama kuna nyingine iliyouliza kitu. Nadhani hapo ndipo nilipaswa kushtuka kuhusu mengine.

Baada ya hapo nilichukua penseli ya buluu na kuandika namba pembeni, kila mahali palipokuwa na jambo la kufundisha. Nilipata mambo matano. La kwanza, kwamba mwenye kinyongo ndiye anayezunguka njia ndefu ili asikutane na mwenzake, kwa hiyo yeye ndiye anayechoka. La pili, kwamba usiwaite watu wengine kuingia katika ugomvi wako, maana wao hawatachoka mapema kama wewe. La tatu, nenda mchana, mikono mitupu, bila zawadi, ili isionekane umenunua msamaha. La nne, nani aende. La tano, mkishasameheana, msikisimulie tena kisa cha ugomvi wenu.

Jambo la nne lilikuwa ndani ya kile kisa chake. Watu wawili walikaa kambi moja, mlango kwa mlango. Mmoja alimtukana mwenzake mbele ya watu, kwenye bomba la maji. Wakaacha kusalimiana. Mwishowe, kama nilivyokiandika mara ya kwanza kutoka utepeni:

"Ule muntu mwenye alitukana, akaamuka asubui, akaenda ku mulango ya mwenzake, akapika hodi. Akasema, ndugu, kinywa yangu ilikosea. Njo vile."

Kisa hicho kilirudi ukurasa wa kumi na nne na tena ukurasa wa ishirini: kambi ileile, bomba lilelile, tusi lilelile, hodi ileile. Nilibaki na cha kwanza kwa sababu kilikuwa kirefu na kizuri kuliko vyote, na vile viwili vingine nikavipiga mstari mwekundu kutoka kona hadi kona. Nilivisoma? Nilivipitisha machoni. Nilikuwa nimeshaamua kwamba ni marudio, na mtu akishaamua hivyo, macho hayafanyi kazi tena.

Niligeuza maneno kuwa ya kitabu, kama padri alivyopenda, "muntu" ikawa "mtu" na "asubui" ikawa "asubuhi". Nikapata kurasa mbili kamili. Padri alizisoma amesimama, akapiga meza kwa kiganja.

"Haya ndiyo maziwa yenyewe," akasema. "Maji umeyatoa."

Nilirudi nyumbani siku hiyo nikitembea kama mtu aliyepandishwa cheo.

Sasa lazima niseme habari za dada yangu. Alinitangulia kuzaliwa kwa miaka sita, na kama ilivyo kwetu kwa dada mkubwa, nilimwita yaya. Mwaka uliotangulia alikuwa amefiwa na mtoto wa kiume wa miaka miwili. Kwenye kilio, wifi yake, yaani dada wa mume wake, aliyekaa Katuba, alisema neno mbele ya wanawake wote: "Nyumba hii haijui kulinda watoto." Yaya alilisikia akiwa amekaa chini kando ya mwili wa mwanawe. Tangu siku ile hawakuongea. Mume wa yaya, mtu mpole wa karakana ya reli, alikwenda kumwona dada yake peke yake na kurudi peke yake, na hakuna aliyemuuliza lolote.

Gazeti lilipotoka, yaya alinunua nakala mbili kwa fahari ya kuwa na ndugu anayeandika. Wiki moja baadaye nilipita kwake. Alikuwa amekata ule ukurasa wenye kisa na kuubandika ukutani kwa uji wa unga, juu ya meza ya kulia.

"Mudogo wangu, ulifanya kazi muzuri," akaniambia. "Mwaka muzima bantu banasema, enda ku wifi yako, enda ku wifi yako. Bwana yangu, bamama ba kanisa, bote. Sasa mwalimu amesema. Mwenye alitukana njo anaenda. Miye niko hapa. Mulango iko wazi."

Nilifurahi. Nilidhani nimemsaidia. Alikuwa na utulivu usoni ambao sikuuona tangu kilio, na ilinichukua muda kuelewa kwamba ule haukuwa utulivu wa mtu aliyesamehe. Ulikuwa wa mtu aliyeshinda kesi.

Kisha nikamsomea mwalimu. Hakuwa na macho mazuri, kwa hiyo padri alinituma nyumbani kwake na gazeti. Nilisoma polepole, kwa sauti. Alisikiliza akiwa ameegemea ukuta, mikono kwenye magoti.

"Ni muzuri," akasema nilipomaliza. "Nani alifundisha ivi?"

Nikacheka. "Ni weye, mwalimu."

"Miye?" Hakucheka. "Haya maneno ni yangu. Lakini muntu mwenye kuyasema si miye. Uyu muntu hana mashaka. Anasema, anaenda."

"Nilitoa yale ya kurudiarudia tu, mwalimu. Kile kisa ulikisema mara tatu."

"Mara tatu?"

"Mara tatu."

Akatikisa kichwa. "Basi kama nilisema mara tatu, kulikuwa sababu. Ama kulikuwa uzee. Sikumbuke."

Maneno hayo yalinikaa kifuani njia nzima. Kesho yake nilifungua droo na kutoa nakala ya kaboni ya kurasa ishirini na tatu, ile niliyochafua kwa penseli mbili. Nilitaka pia kusikiliza sauti yenyewe, lakini padri alikuwa amenasa mafundisho mengine juu ya utepe uleule, kwa sababu tulikuwa na tepe mbili tu. Sauti ya Jumapili ile haikuwepo tena. Nilikuwa nimebaki na karatasi peke yake.

Nilisoma ukurasa wa kumi na nne, chini ya mstari wangu mwekundu.

"Ule muntu mwenye balimutukana, akaamuka asubui, akaenda ku mulango ya mwenzake, akapika hodi. Akasema, ndugu, niko nachoka kuzunguka."

Mwenye balimutukana, yaani yule aliyetukanwa. Nilisoma tena. Nilidhani nimekosea kuchapa, nikafungua ukurasa wa kwanza wa kisa na kuweka visa viwili sambamba. Havikuwa sawa. Mara ya kwanza alikwenda aliyetukana, mara ya pili alikwenda aliyetukanwa. Nikakimbilia ukurasa wa ishirini. Hapo wote wawili walifungua milango yao asubuhi ileile, kila mmoja amekusudia kwenda kwa mwenzake, wakakutana katikati ya uwanja, na hakuna aliyepiga hodi. Halafu ile sentensi iliyofuata, ambayo niliikata pamoja na kisa kwa kuwa ilianza na "njo vile":

"Njo vile, bandugu, ukijiuliza nani aende, ni weye."

Nilikaa na karatasi zile mpaka wenzangu wakaenda kula na kurudi. Sikujua la kufikiri. Je, mwalimu alikusudia ngazi tatu, akitupandisha moja baada ya nyingine? Au alisahau alivyoanza na kisa kikamponyoka mkononi, na ile sentensi ya mwisho ikawa njia yake ya kutoka? Tungekuwa na utepe ningesikiliza kama alisita, kama alitabasamu. Kwenye karatasi hakuna kutabasamu. Nami nilikuwa nimechapa gazetini kwamba mkosaji ndiye anayekwenda, basi, na chini yake jina la kanisa letu.

Nilirudi kwa mwalimu siku hiyohiyo jioni mapema, jua likiwa bado juu ya mapaa, na kumsomea vile visa vitatu jinsi vilivyotoka kinywani mwake, na kikohozi chake na kila kitu. Alinisikiliza kwa makini sana, kama mtu anayepewa habari za kijijini kwao. Nilipofika kwenye "ukijiuliza nani aende, ni weye," aliinua kidole.

"Apo ni muzuri," akasema.

"Lakini mwalimu, ulipanga ivyo? Wa kwanza, wa pili, kisha bote babili?"

Alifikiri sana. Ningependa kuandika kwamba alitabasamu na kunieleza. Hakunieleza.

"Mutoto wangu, nikiwa nasema, niko naangalia bantu. Kuko mwenye kukosa, kuko mwenye kukosewa, bote banakaa mbele yangu, na bote bananiangalia sawasawa. Labda niliona uso wa mumoja, nikageuza. Sijue. Weye njo uko na karatasi."

Alisema hivyo bila hasira, kana kwamba karatasi ilijua zaidi kuliko yeye, na mimi ndiye mwenye karatasi, na sikujua kitu.

Nikaenda kwa yaya. Nilimkuta anachambua maharagwe. Nikamwambia, "Yaya, kuko kintu niliacha," na nikamsomea. Alisikiliza kisa cha pili mpaka mwisho, mkono wake ndani ya ungo haukusogea.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Kwa hiyo kwenye gazeti ulisema bongo, ulitudanganya?"

"Hapana. Nilisema kweli, lakini kipande."

"Nani alikuambia ukate kipande ile?"

"Hakuna. Nilifikiri anarudilia."

Akaangalia ukuta, pale ukurasa ulipobandikwa. "Miye nilisoma ile karatasi kila siku," akasema. "Kila siku. Nilianza kulala. Sasa unakuya na ingine. Mwezi kesho utakuya na ya tatu?"

"Ya tatu iko hapa tu, yaya."

"Sitaki kuisikia."

Alinifukuza kwa heshima, yaani alinipa chai kwanza. Mlangoni aliniambia jambo ambalo hakuwa amelisema: mume wa wifi yake alikuwa amehamishwa kwenye kituo cha reli cha mbali, kaskazini, na wangeondoka mwisho wa mwezi. "Anaweza kupita hapa," akasema. "Treni haitamungoja, lakini miye niko namungoja."

Padri, nilipomweleza, alisugua paji la uso. Alikuwa mtu mwema na mwenye shughuli nyingi. "Visa vitatu vinavyopingana si fundisho," akasema. "Msomaji atauliza, lipi? Hata mimi nauliza."

"Mimi pia nauliza, mon père. Lakini yeye alivisema vyote vitatu."

"Unaweza kuviweka kwa mistari mitatu?"

"Ninaweza."

"Basi toleo lijalo."

Toleo lijalo lingetoka baada ya treni kuondoka.

Jumamosi mchana nilipanda baiskeli nikaenda Katuba, karatasi zikiwa ndani ya shati. Sikumwambia yaya. Nilikusudia kumwomba wifi yake atangulie, na kama angekataa, kumsomea kisa cha kwanza, kile cha mkosaji. Njia nzima nilikuwa naona aibu: nilikuwa nimechukua mafundisho yenye pande tatu na sasa nilikuwa nachagua upande kulingana na mtu. Lakini nilikanyaga tu pedali.

Nilimkuta wifi wa yaya kati ya mizigo iliyofungwa. Magodoro yalikuwa yamekunjwa, sufuria zimeingizwa moja ndani ya nyingine. Alinipokea vizuri, akanitolea kiti pekee kilichokuwa hakijafungwa. Nilipotaja jina la yaya, alisimama, akaenda kwenye begi lake la mkononi, akatoa kitabu cha sala, na kutoka ndani yake akatoa ukurasa wa gazeti uliokunjwa mara nne. Ulikuwa ukurasa wangu.

"Uliandika muzuri sana," akasema. "Niliuweka. Mwenye kukosa njo anaenda. Nilimungojea yaya yako tangu gazeti ilitoka. Nikasema, akisoma hii, atakuya."

Sikuelewa. Nilimtazama kama mjinga.

"Akuye juu ya nini, mama?"

"Juu ya nini?" Akakaa juu ya godoro. "Mutoto wa kaka yangu amekufa. Natoka hapa na miguu, tangu asubui. Nafika, mulango ya chumba imejaa bamajirani. Miye shangazi ya mutoto, damu yake, balinikalisha inje, ku mukeka karibu na jiko, na bageni. Yaya yako aliniona. Aliniona kabisa. Hakusema bamama, muachie uyu fasi ya kukaa. Nilimulilia mutoto wetu inje kama muntu wa njia."

"Na lile neno ulisema?"

"Neno gani?"

Nikasita, kisha nikalisema kama lilivyosemwa nyumbani kwetu mwaka mzima: kwamba nyumba hii haijui kulinda watoto.

Alifunga mdomo kwa kiganja. "Sijue," akasema. "Nililia. Muntu analia, anasema maneno mingi. Weye unayua yote ulisema siku ile? Labda nilisema. Kama nilisema, nilisema juu nilikuwa inje."

Kwenye kilio hakukuwa na magnetofoni. Hata ingekuwepo, nilifikiri, ningekaa na karatasi zake wiki nzima bila kujua lipi ni neno na lipi ni kilio.

Nilimsomea kisa cha pili na cha tatu. Alilia kidogo, lakini hakusema kwamba angekwenda. Alisema ana mizigo, ana watoto wenye homa, na bado aliniuliza, akiwa ameshika ukurasa wangu, "Sasa kati yetu, nani alitukana?" Nilimwambia ukweli, kwamba nilikuja nikijua na sasa sijui tena.

Nilirudi moja kwa moja kwa yaya. Nilimweleza habari ya mkeka. Nilitegemea akasirike. Aliuliza tu, "Mukeka ya upande gani?" Nikasema nje, karibu na jiko. Akaanza kuhesabu kwa sauti ndogo nani alikuwa amekaa wapi siku ile: jirani wa kulia, mama wa kanisa, mke wa fundi. Akafika kwenye jina la wifi yake, akaacha kuhesabu. Baadaye alisema, "Sikumuona. Nakuapia, mudogo. Sikuona muntu siku ile." Na baada ya muda mrefu zaidi: "Labda nilimuona."

Jumatatu mchana alivaa kitenge chake cha kanisani, akatoka mikono mitupu. Mimi nilikuwa kazini. Mume wake alinisimulia kwamba aliwakuta wote wawili Katuba wakibishana kwa sauti juu ya nani alikalia mkeka upi na nani alisema nini kwanza, huku wakifunga pamoja sanduku moja la vyombo. Hakuna aliyeomba msamaha wakati yeye yupo. Hakuna aliyeondoka pia. Yaya alirudi macho yamevimba, na nilipomuuliza wamepatana au hapana, alisema, "Mwalimu alisema tusisimulie." Hilo lilikuwa jambo la tano, nililolichapa mwenyewe. Sikuuliza tena. Kutoka kaskazini barua za wifi yake zilikuja, si nyingi, zote zikianza na salamu kwa yaya.

Katika toleo lililofuata tuliandika kwamba mafundisho yaliyopita yalipungukiwa, na tukaweka visa vyote vitatu, kila kimoja kwa sentensi mbili, na ile ya mwisho neno kwa neno. Nilibakiza "ni weye" badala ya "ni wewe". Padri aliliwekea alama kwa kalamu, kisha akafuta alama yake. Watu wachache walikuja ofisini kuuliza ni kipi kati ya vitatu cha kufuata. Niliwaambia waende kwa mwalimu.

Tangu hapo sikukata kisa kilichorudiwa bila kuweka kurasa zote sambamba na kutafuta kilichobadilika. Mara nyingi hakikubadilika kitu. Alikuwa amerudia tu, na nilikata kwa moyo mweupe. Mara chache neno moja lilikuwa limegeuka, na hapo nilikaa, na hata leo sina hakika kama nilichokibakiza kilikuwa fundisho au kuteleza kwa ulimi wa mzee aliyechoka.

Jambo la mwisho ninalolikumbuka kuhusu mashine ile ni Jumapili moja kabla ya mvua kuanza. Mwalimu alikuwa amesikia kwamba marudio yake yananipa taabu. Akataka kunisaidia. Alisimama mbele ya magnetofoni, akaweka mikono nyuma kama mtoto wa shule, akafundisha akisema kila jambo mara moja. Hakusema "njo vile". Hakuuliza kama wanasikia. Mimi kwenye kiti changu nilijua kwamba ningeweza kuichapa ile bila penseli yoyote. Lakini watu walianza kusogea kwenye mabenchi. Mama mmoja alimnong'oneza mwenzake, mwenzake akainua mabega. Mwalimu aliona. Alisimama katikati ya sentensi, akaitazama mashine, kisha akanitazama mimi.

"Zima kwanza," akasema.

Nikazima. Magurudumu yakasimama. Akavuta pumzi, akawageukia watu, akasema, "Sasa, bandugu, sasa, munasikia?" na kanisa zima likaitikia.

Alifundisha vizuri sana siku ile. Padri aliniuliza Jumatatu maandishi yako wapi, nikamwambia hakuna. Aliponiuliza mwalimu alifundisha nini, nilifungua mdomo nikatafuta, na nikaona kwamba nakumbuka kila kitu isipokuwa jinsi ya kukisema kwa ufupi.